Ukisubiri kibali cha kampuni ya malipo, fuatilia kibali chenyewe

Mwezi Machi tulianza kazi ya kuunganisha mfumo wa ada wa shule moja ya Kiboriloni, hapa Moshi, na malipo ya simu. Mzazi aliyeko Marangu au Dar es Salaam alitakiwa aingie kwenye menyu ya simu yake, achague kulipa bili, aweke namba ya kampuni, namba ya kumbukumbu ya mwanafunzi, kiasi na namba yake ya siri. Baada ya sekunde chache mhasibu wa shule alitakiwa aone malipo yameingia kwa jina la mtoto, bila kupekua karatasi za benki. Muhula wa pili ulikuwa unafunguliwa Julai, na tulikuwa tumeahidi kwamba tarehe 1 Julai wazazi watalipa kwa njia hiyo.

Tulikuwa watu watatu: mimi niliyesimamia kazi, kijana mmoja mwandishi wa programu, na dada mmoja aliyepima mfumo na kushughulika na shule. Ofisi yetu ni chumba kimoja karibu na mnara wa saa. Ukutani tulikuwa na ubao wa kadi, na kila kadi ilikuwa kazi moja. Kufikia mwisho wa Machi kadi 14 zilikuwa ubaoni na 9 kati yake zilikaa kwenye safu tuliyoiita "Imezuiliwa". Kila Jumatatu tukipitia ubao jibu lilikuwa lilelile: "Tunasubiri kampuni." Tukaenda hivyo wiki tatu.

Tarehe 31 Machi nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza. Nilishika kadi moja, iliyoandikwa "Kupokea taarifa ya malipo", nikamwuliza yule kijana, "Hii inasubiri nini hasa? Nani anapaswa kutupa, na tulimwomba lini?" Akafikiri kidogo. "Funguo za API, kaka. Au ni ile IP? Nadhani vyote." Nikamgeukia dada. "Mimi najua tumetuma nyaraka," akasema, "ila sijui kama ndizo zinazohusika na hiyo." Tukaacha kila kitu, tukakaa chini na kadi zote 9 mezani, na asubuhi ile ndiyo iliyookoa mradi.

Tulichokikuta ni hiki. Kadi mbili hazikuwa zinasubiri mtu yeyote: ripoti ya kila siku ya mhasibu, na mafunzo ya mhasibu mwenyewe. Zote mbili zingeweza kufanyika kwa malipo ya mfano tuliyoyatengeneza sisi. Zilihamishiwa "Imezuiliwa" kwa sababu tu zilikuja baada ya kazi nyingine zilizozuiliwa. Kadi ya tatu, risiti kwa ujumbe mfupi, ilikuwa ikisubiri kampuni nyingine kabisa, ile ya kutuma SMS, isajili jina la shule kama mtumaji. Ombi hilo hatukuwa tumelituma kwa mtu yeyote. Kadi ya nne, kumrudishia fedha mzazi aliyelipa zaidi, ilihitaji huduma tofauti ya kampuni ya malipo. Kupokea fedha kutoka kwa mteja na kumtumia mteja fedha ni huduma mbili, na kila moja ina ombi lake na akaunti yake yenye salio. Kadi hiyo tuliiondoa kwenye kazi za Julai siku ileile. Mhasibu akakubali kwamba kinachozidi kitahesabiwa kwenye ada ya muhula unaofuata, kama alivyokuwa akifanya miaka yote.

Zikabaki kadi tano. Na zile tano hazikusubiri kitu kimoja kinachoitwa "kampuni". Zilisubiri vibali vinne tofauti, vinavyotolewa na watu tofauti ndani ya kampuni hiyo. Cha kwanza ni kukubaliwa kwa nyaraka za shule, yaani cheti cha usajili, TIN, barua ya benki na vitambulisho vya wanaosaini. Cha pili ni kufunguliwa kwa anwani ya IP ya seva yetu, ili mtandao wao uruhusu maombi yetu kuingia. Cha tatu ni kupita majaribio ya pamoja, ambapo wao wanakagua jinsi mfumo wetu unavyojibu. Cha nne ni kupewa funguo na namba ya kampuni ya mazingira halisi, yale yanayoshika fedha za kweli. Ukiunganisha malipo ya simu moja kwa moja na kampuni yenyewe, majina ya vitengo na fomu yatatofautiana, lakini hatua hizi nne kwa kawaida utakutana nazo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa ubaoni. Usiandike "imezuiliwa" kama hali ya kazi ukaishia hapo. Kipe kila kibali kadi yake. Kazi tano zinaweza kusubiri kibali kimoja, na kazi moja inaweza kusubiri vibali vitatu. Ukiandika kizuizi kwenye kadi ya kazi tu, habari moja inatawanyika sehemu tano na hakuna anayeimiliki. Sisi tulichukua kadi za rangi ya njano, tukaandika hivi:

```
KIBALI 2: kufunguliwa anwani ya IP
Kimetumwa:   1 Aprili
Zamu ya:     kampuni, kitengo cha mtandao
Tangu:       1 Aprili
Kuuliza:     8 Aprili (mimi)
Kinafungua:  kadi 1, 2, 3, 9
```

Mstari uliofanya kazi kubwa kuliko yote ni ule wa "Zamu ya". Neno "imetumwa" linadanganya. Ombi lililotumwa linaweza kuwa limepokelewa, linaweza kuwa limepotea, linaweza kuwa limerudishwa lifanyiwe marekebisho, na katika hali zote hizo mtu wa upande wako ataendelea kusema "tumetuma, tunasubiri".

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Nyaraka zilitumwa tarehe 12 Machi. Siku ileile ya kadi za njano, dada alimpigia mhasibu wa shule aulize kama kampuni imewahi kumwandikia. Mhasibu akafungua barua pepe yake huku simu iko sikioni. Ilikuwepo barua ya tarehe 17 Machi. Jina kwenye barua ya benki lilikuwa jina la shule, lakini jina kwenye TIN na cheti cha usajili lilikuwa la wadhamini wanaoimiliki, na kampuni ilitaka ama majina yafanane au barua ya wadhamini inayoeleza uhusiano wao na shule. Barua ilikwenda kwa mhasibu kwa sababu fomu iliuliza anwani ya mteja, na mteja ni shule. Mhasibu aliiona, akadhani na sisi tumeipata. Siku 14 zamu ilikuwa yetu, nasi tulikuwa tunailaumu kampuni.

Tangu hapo kila fomu tunayojaza ina anwani mbili, ya mteja na ya kwetu. Na kibali hakihamii kwenye "zamu ya kampuni" mpaka tuwe na namba ya kumbukumbu ya ombi au jibu la mtu kwamba amelipokea. Kabla ya hapo zamu ni yetu. Na kama una mteja ambaye ni shule, kanisa, SACCOS au chama cha ushirika, weka cheti cha usajili, TIN na barua ya benki mezani kwa pamoja usome majina herufi kwa herufi kabla ya kutuma chochote. Taasisi za namna hiyo mara nyingi zinamilikiwa kwa jina moja na zinajulikana kwa jina jingine.

Barua ya wadhamini tuliipata, tukatuma upya tarehe 2 Aprili, na kibali cha kwanza kilitoka tarehe 16 Aprili.

Jambo la pili tulilolikosea ni mpangilio. Tulikuwa tumechukulia kwamba vibali vinne ni ngazi: huwezi kukanyaga cha pili kabla ya cha kwanza. Hakuna aliyetuambia hivyo. Tulidhani tu, kwa kuwa fomu zilikuja zimepewa namba. Nilimpigia fundi wa kampuni aliyekuwa akitushughulikia nikamwuliza moja kwa moja, "Kaka, fomu ya mtandao lazima isubiri nyaraka zikubaliwe?" Akajibu, "Hapana. Nitumie hata leo. Kinachosubiri mkataba ni funguo za mazingira halisi." Ndiyo maana kadi ya kibali cha pili ina tarehe 1 Aprili. Dakika nne za simu zilitupa wiki mbili. Kwa hiyo ukishaorodhesha vibali, swali la kuuliza kampuni kwa kila jozi ni hili: hiki kinasubiri kile, au vinaweza kwenda sambamba? Uliza kwa sauti na uandike jibu kwenye kadi pamoja na tarehe.

Nilichora pia mstari kutoka tarehe 1 Julai kurudi nyuma, na hapo nikaona kwamba siku za kalenda na siku za kazi ni vitu viwili. Kampuni wakisema "siku 10" wanahesabu siku za kazi. Kati ya mwanzo wa Aprili na mwanzo wa Mei kuna Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili, Mei Mosi, na mara nyingi Pasaka nayo huangukia humohumo. Siku 10 za kazi katika kipindi hicho zinaweza kuwa zaidi ya wiki mbili kwa urahisi. Ukiahidi tarehe kwa mteja bila kuzipitia sikukuu, unaahidi siku ambazo hakuna mtu ofisini.

Sasa niseme kuhusu kibali cha pili, maana ndicho kilichotufundisha kwamba kibali kilichotolewa kinaweza kufa bila mtu kukifuta. Anwani ya IP tuliyoiombea ruhusa ilikuwa ya intaneti ya ofisini. Ilifunguliwa tarehe 22 Aprili na kwa wiki nzima mambo yalikwenda vizuri. Usiku wa kuamkia tarehe 29, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, umeme ulikatika. Asubuhi mfumo wetu haukuweza kufika kabisa kwenye mazingira ya majaribio. Kadi zilirudi "Imezuiliwa" na tukaanza kuandikiana na kampuni kwamba mtandao wao una tatizo. Siku mbili zikapita hivyo. Kilichotokea ni kwamba ruta yetu ilipowaka upya ilipewa anwani nyingine na mtoa intaneti. Ukuta wa mtandao wa kampuni ulikuwa bado unairuhusu ile ya zamani, ambayo haikuwa yetu tena.

Kuna njia nyepesi ya kujua, na ningependa kila anayefanya kazi hii aijue kabla hajaandika barua ya malalamiko. Endesha amri hizi mbili kwenye mashine ileile inayotuma maombi:

```
curl -s https://ifconfig.me
curl -v --connect-timeout 10 https://ANWANI-YA-KAMPUNI/
```

Ya kwanza inakuonyesha anwani ambayo dunia inakuona nayo. Ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye fomu. Kama hazifanani, umeshapata jibu. Kama zinafanana, angalia ya pili. Ikikaa kimya mpaka iseme `Connection timed out`, maombi yako yanazuiwa njiani au seva yao imezimika, na hilo ni la kitengo cha mtandao. Ikirudisha `401` au `403`, basi umeshafika mlangoni na mtu amekujibu: njia ipo, tatizo linaweza kuwa funguo au ruhusa za akaunti yako, na hilo kwa kawaida ni la kitengo kingine. Tofauti hii ndiyo inayokuambia uandike jina la nani kwenye mstari wa "Zamu ya". Ukiipeleka shida ya funguo kwa watu wa mtandao, watakaa nayo siku tatu kisha watakwambia upande wao uko sawa, na watakuwa wamesema kweli.

Tulikodi seva yenye anwani isiyobadilika, tukatuma fomu mpya tarehe 6 Mei, ikafunguliwa tarehe 13. Kama ningeanza upya, anwani ya ofisini isingeingia kwenye fomu hata kwa majaribio. Na kumbuka njia ina pande mbili. Taarifa ya malipo inatoka kwao kuja kwako, kwa hiyo omba orodha ya anwani zao pia na uziruhusu kwenye seva yako. Hiyo haihitaji kibali cha mtu, ni kazi yako mwenyewe.

Wiki hizo zote za kusubiri hatukukaa bure, na hapa nieleze jinsi tulivyozikata kadi. Ile kadi ya "Kupokea taarifa ya malipo" ilikuwa kazi tatu zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni kuandika sehemu inayopokea taarifa, inayoihifadhi na kuilinganisha na mwanafunzi. Hii haihitaji kibali chochote, inahitaji tu maelezo ya API ambayo tulikuwa nayo tangu Machi. Ya pili ni kuijaribu na mazingira ya majaribio ya kampuni, inayosubiri kibali cha pili. Ya tatu ni kuijaribu kwa fedha za kweli, inayosubiri cha nne. Tulipozikata hivyo, kijana alimaliza ile ya kwanza katika siku nne, wakati wiki tatu zilizopita aliamini hawezi kuigusa.

Ili ajipime, aliandika kampuni ya malipo ya bandia: programu ndogo kwenye kompyuta yake inayojibu kama kampuni ingejibu. Nikamwomba aifanye iwe na tabia mbaya. Itume taarifa ileile mara mbili. Iicheleweshe taarifa kwa dakika tano. Ipokee ombi kisha isirudishe kitu. Mambo haya hutokea kweli, na mazingira ya majaribio ya kampuni mara nyingi hayakupi nafasi ya kuyaona, maana huko kila kitu hujibu haraka na kwa mpangilio. Kwa bandia ile tuligundua kwamba taarifa ikija mara mbili, mfumo wetu uliandika ada mara mbili. Dawa yake ni kuilazimisha hifadhidata ikatae namba ya muamala iliyokwisha kuandikwa:

```sql
ALTER TABLE malipo
  ADD CONSTRAINT muamala_mara_moja UNIQUE (namba_ya_muamala);
```

Halafu taarifa ya pili ikija, unajibu kwamba umeipokea na huandiki kitu. Ukijibu kosa, kampuni inaweza kuendelea kuituma tena na tena.

Lakini hata bandia nzuri haitoshi kukuvusha kibali cha tatu. Majaribio ya pamoja yana fomu ya matukio: malipo yaliyofanikiwa, salio lisilotosha, namba ya siri isiyo sahihi, mteja aliyeghairi, muda uliokwisha, namba ya kumbukumbu isiyokuwepo, muamala uliorudiwa. Kwa kila tukio wanataka ushahidi, yaani namba ya muamala, saa, na jibu la mfumo wako. Tulituma tarehe 15 Mei. Fomu ikarudi tarehe 21 yote nzima kwa sababu ya mstari mmoja. Namba ya kumbukumbu isipokuwepo, mfumo wetu ulirudisha HTTP `200` na ndani yake neno la kufanikiwa, kwa sababu kijana alifikiri `200` inamaanisha tu "nimekusikia". Kwao maana yake ilikuwa "mwanafunzi yupo, mkate mzazi fedha". Mzazi aliyekosea tarakimu moja angelipa ada ya mtoto asiyejulikana.

Ninawashukuru kwa kulikamata. Marekebisho yenyewe yalichukua alasiri moja, lakini fomu ilirudi nyuma ya foleni: tulituma tena tarehe 22 Mei na jibu likaja tarehe 2 Juni. Kwa hiyo katika kibali cha aina hii, siku moja ya kujipima mwenyewe kwa fomu yao, mstari kwa mstari, inafaa kuliko siku tatu za kuwahi kutuma. Mwache mtu ambaye hakuandika programu ajaze fomu. Sisi tulimwachia aliyeiandika, na akasoma alichokusudia badala ya kilichoandikwa.

Kufuatilia bila kuwachosha watu nako kuna namna yake. Mwanzoni nilikuwa naandika, "Habari, tunaomba mrejesho." Mrejesho wa nini? Mtu ana maombi thelathini mezani, atajibu "bado linashughulikiwa" na anakuwa hajakosea. Baadaye nikaandika hivi, kwa WhatsApp, saa tatu asubuhi: "Habari za asubuhi kaka, poleni na kazi. Ombi letu la IP lilipokelewa tarehe 6 Mei. Naomba kujua mambo mawili: liko kwa nani sasa, na kuna kitu kinachokosekana upande wetu?" Maswali haya yana majibu mafupi, na lile la pili linampa nafasi ya kusema kilichokwama bila kuonekana anajitetea. Tarehe ya kuuliza tena inakaa kwenye kadi na ina jina la mtu mmoja. Wakiuliza watatu, kila mmoja kwa njia yake, kampuni inadhani ni maombi matatu.

Upande wa shule nao unataka uangalifu, labda kuliko kampuni. Mwishoni mwa Aprili mhasibu alikuwa ameshaandaa barua ya ada ya wazazi 640 na namba ya kampuni imo tayari. Aliniletea niione kabla hajaipeleka kuchapwa. Namba ile alikuwa ameitoa kwenye fomu ya majaribio. Ilikuwa namba ya mazingira ya majaribio, na mzazi angeiweka kwenye simu yake pengine ingekataa, pengine ingekuwa namba ya mtu mwingine. Nilimwambia, "Mama, asante kwa kunionyesha, hii tusubiri," nikaeleza kwa nini. Kosa lilikuwa letu: kadi ya "Barua ya ada" haikuwa na mstari wa njano. Tuliifunga kwenye kibali cha nne siku ileile. Kazi za mteja, za kuchapa, kutangaza, kuitisha kikao cha wazazi, ziingize kwenye ubao na uzifunge kwenye vibali vyake kama kazi za programu.

Mwalimu mkuu alitaka kujua tumefikia asilimia ngapi. Niliacha kumpa asilimia. Asilimia 80 inamwambia kwamba imebaki kidogo, wakati ile iliyobaki inaweza kuwa mikononi mwa mtu usiyemwamuru. Nilimpa sentensi mbili kila Ijumaa: kazi gani za kwetu zimebaki, na kibali gani tunakisubiri, tangu lini, kwa nani. Na tulikubaliana tarehe moja ya uamuzi, 15 Juni. Kama funguo za mazingira halisi hazijafika siku hiyo, barua zinachapwa na akaunti ya benki ya zamani na malipo ya simu yanasogezwa muhula unaofuata. Tarehe hiyo tuliipata kwa kuhesabu siku za kuchapa na kusambaza barua, bila kubahatisha kampuni itajibu lini. Baada ya hapo mwalimu alitulia, na sisi pia. Kila mtu alijua kitakachofanyika hata kampuni ikikaa kimya.

Funguo na namba halisi tuliomba tarehe 3 Juni, zikafika tarehe 12, saa kumi na nusu jioni, siku ya mwisho ya kazi wiki ile. Kijana alitaka tuziwashe palepale. Nikakataa. Kadi zilizofunguliwa na kibali hazijakamilika, zimeruhusiwa tu kuanza. Na usiku huo, likitokea lolote, hakuna mtu wa kampuni wa kumpigia mpaka Jumatatu.

Jumatatu, tarehe 15 yenyewe, nililipa shilingi 1,000 kutoka kwenye simu yangu kwa namba ya kumbukumbu ya mwanafunzi wa mfano. Tuliifuata ile elfu moja hatua kwa hatua. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Malipo yakaonekana kwenye mfumo wa shule. Yakaonekana kwenye tovuti ya kampuni, namba ya muamala ni ileile. Barua zikaenda kuchapwa kesho yake. Halafu mhasibu akauliza, "Sasa inafikaje benki?" Akabonyeza kuhamisha, na skrini ikadai mtu wa pili aidhinishe. Akaunti ilitaka mtu mmoja aanzishe na mwingine aidhinishe, na shule ilikuwa imesajili mhasibu peke yake. Kumwongeza mwalimu mkuu kulihitaji fomu, kitambulisho na barua ya wadhamini.

Kilikuwa kibali cha tano, na hakikuwepo ubaoni. Tulikuwa tumefuatilia njia ya fedha kuingia tukaacha njia ya kutoka. Tuliandika kadi ya njano saa ileile, tukaituma fomu kabla ya saa sita mchana, ikiwa na anwani mbili. Ilikubaliwa tarehe 26 Juni. Mwalimu mkuu aliidhinisha, na kesho yake asubuhi mhasibu akanitumia picha ya taarifa ya benki, ile elfu moja ikiwa imeingia, siku nne kabla ya wazazi kuanza kulipa.